Asilimia 55 au 27? Jinsi ada ya bima ya matibabu inavyopangwa upya baada ya mwaka wa madai mengi

Waajiri wengi tunaowahudumia kama madalali wa bima hapa Uganda huhuisha bima ya matibabu ya wafanyakazi wao mwezi wa Januari, na barua ya ada mpya huwafikia Oktoba au Novemba. Ikiwa mwaka ulikuwa na madai mengi, barua hiyo huwa fupi: uwiano wa madai umefika kiwango fulani, kwa hiyo ada imepandishwa kwa kiwango fulani. Hesabu inayounganisha mambo hayo mawili haionyeshwi, na mwajiri asiyeijua hubaki kuomba apunguziwe, bila kuweza kusema ni wapi panapostahili kupunguzwa.

Tuchukue kiwanda cha kusaga unga kilichopo Jinja, chenye wanachama 300, wafanyakazi pamoja na wategemezi wao, kinacholipa shilingi milioni 180 kwa mwaka. Takwimu hizi ni za mfano, ila mpangilio wake ni ule ule tunaoukuta mezani. Hadi mwisho wa Septemba kampuni ya bima imekwisha kuzilipa hospitali na kliniki shilingi milioni 112. Mhasibu wa kiwanda anagawanya 112 kwa 180, anapata asilimia 62, na anashindwa kuelewa malalamiko yanatoka wapi.

Tatizo liko kwenye kigawanyo. Miezi 9 tu ndiyo iliyopita, na robo ya ada iliyobaki ni ya kulipia matibabu ya Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo madai ya miezi 9 hulinganishwa na ada ya miezi 9, yaani milioni 135. Hapo uwiano unafika asilimia 83. Tena, milioni 112 ni zile zilizokwisha kulipwa tu. Hospitali huchelewa kuleta ankara, na mgonjwa aliyelazwa mwishoni mwa Septemba huenda gharama zake zisionekane kwenye vitabu vya bima mpaka Novemba. Kampuni inakadiria kuwa madai ya namna hiyo, pamoja na yale yaliyofika lakini bado yanakaguliwa, ni milioni 20. Jumla inakuwa milioni 132 na uwiano unapanda hadi asilimia 98. Makadirio hayo ya milioni 20 ndiyo ya kwanza kuulizia: omba kuonyeshwa ni kiasi gani ni ankara zilizopokelewa na kiasi gani ni makisio, kisha miezi miwili baadaye uulize ni kiasi gani kililipwa kweli.

Sasa ada mpya. Kampuni hii imejiwekea kwamba katika kila shilingi 100 za ada, 70 ziende kwenye matibabu na 30 zibaki kwa ajili ya uendeshaji, kamisheni (yetu ikiwemo) na faida. Uwiano wa 98 ukigawanywa kwa lengo la 70 unatoa 1.4, maana yake ada ingepaswa kupanda kwa asilimia 40 hata kama bei za matibabu zisingebadilika. Lakini bei hubadilika. Katikati ya kipindi kilichopimwa ni Mei, na katikati ya mkataba mpya ni mwisho wa Juni mwaka unaofuata, tofauti ya mwaka mmoja na wiki kadhaa. Ikiwa gharama za matibabu zinakisiwa kupanda kwa asilimia 10 kwa mwaka, nyongeza kwa kipindi hicho ni kama asilimia 11. Zidisha 1.4 kwa 1.11, upate 1.55. Hiyo ndiyo asilimia 55 iliyoandikwa kwenye barua, na kihesabu haina kosa.

Hata hivyo tunaona haikitendei haki kikundi cha watu 300, kwa sababu ndani ya zile milioni 132 mna mgonjwa mmoja aliyetumia milioni 36: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na kukaa wiki nyingi kwenye chumba cha uangalizi maalumu. Tukio kama hilo halisemi lolote kuhusu mwaka ujao wa kiwanda. Utaratibu unaofaa ni kuweka kikomo, tuseme milioni 15, na kuondoa kinachozidi, hapa milioni 21, kisha kikundi kitozwe badala yake mchango wa kudumu wa asilimia 5 ya ada ya kipindi kwa ajili ya madai makubwa ya wateja wote. Kwa njia hiyo uwiano unashuka kutoka 98 hadi 87, na ongezeko kutoka asilimia 55 hadi 38. Mchango huo usisahaulike katika majadiliano. Mwajiri anayetaka dai kubwa liondolewe bila kulipa chochote mahali pake anaomba zawadi. Vilevile, ugonjwa wa figo unaohitaji usafishaji wa damu kila wiki hauondolewi kwa hoja hii, kwa sababu mwakani utaendelea.

Jambo la pili ni ukubwa wa kikundi. Watu 300 ni wachache mno kwa miezi 9 yao kuaminiwa peke yake. Ikiwa kampuni inayapa matokeo ya kiwanda uzito wa asilimia 60, na uzito wa 40 unaobaki ukaenda kwenye bei yake ya kawaida kwa vikundi vya aina hiyo, ambayo imepanda kwa asilimia 10, basi ongezeko linakuwa asilimia 27, ada ya karibu milioni 228. Angekuwa mwajiri wa watu 3,000, hoja hii tusingeileta mezani.

Kabla ya kukubali hata asilimia 27, linganisha orodha ya madai na rejista ya wafanyakazi. Si ajabu kukuta kadi ya mtu aliyeacha kazi mwezi wa 4 ikitumika kliniki mwezi wa 8, kwa kuwa hakuna aliyeiarifu bima iifunge. Orodha hiyo iombwe kwa namba za uanachama, tarehe, aina ya huduma na kiasi, bila majina wala magonjwa. Taarifa za afya zina ulinzi wa pekee katika Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na meneja hana sababu ya kujua nani anatumia dawa gani.

Uwiano wenyewe hupungua kwa urahisi zaidi kwenye matibabu ya nje kuliko kwenye kulazwa. Kiwanda chetu kilikuwa na mahudhurio 900 ya matibabu ya nje katika miezi 9. Mgonjwa akichangia shilingi 10,000 dirishani kila anapohudhuria, ni milioni 9, karibu asilimia 7 ya ada ya kipindi, na ongezeko la mwisho linakaribia asilimia 20. Sisi hupendekeza watoto walio chini ya miaka 5 wasamehewe mchango huo, kwa sababu mzazi anayesubiri siku mbili kuokoa 10,000 wakati mtoto ana malaria anaweza kuishia kumlaza, na kitanda kinagharimu mara nyingi zaidi.

Kuhama kampuni si njia ya kukwepa hesabu hii. Kampuni mpya kwa kawaida itataka kuona madai ya miaka iliyopita, na inaweza kuweka kipindi cha kusubiri kwa magonjwa yaliyokuwepo kabla, jambo litakalowaumiza wafanyakazi wanaoihitaji bima zaidi. Ni afadhali kuomba ripoti ya kwanza ya madai mwezi wa 6, wakati kadi za waliotoka bado zinaweza kufungwa na kabla barua ya Oktoba haijaandikwa.