Utawala wa Hofu ulipitishwa kwa kura: barua kwa sahibu yangu mwalimu

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu sana, na baada ya salamu natumaini wewe na jamaa wote nyumbani ni wazima. Huku sisi hatujambo. Barua yako imenifikia, na swali la wanafunzi wako ndilo lililonikalisha kitako nikuandikie. Wanauliza kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa, ilikuwaje watu waliotangaza mwaka 1789 kwamba binadamu huzaliwa huru na sawa, miaka minne baadaye wakawa wanakatana vichwa hadharani jijini Paris. Unasema umewajibu kwamba umati ulilewa damu. Niwie radhi, jibu hilo mimi silikubali. Umati ulikuwapo na ulitenda maovu, lakini Utawala wa Hofu wa 1793 na 1794 uliletwa na wabunge, tena kwa kupiga kura, kwa sheria zilizoandikwa na kuchapishwa. Ukizisoma kwa mfuatano utaona jinsi haki ya mshtakiwa ilivyonyofolewa kidogo kidogo, na kila mara sababu ilikuwapo ya kuwaridhisha watu wa siku ile.

Mwanzoni hakuna aliyetaka kumwondoa mfalme, Louis wa 16. Hazina yake ilikuwa tupu kwa madeni ya vita, ikiwemo vita ya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Waingereza, na makabaila na kanisa walikuwa wamesamehewa sehemu kubwa ya kodi. Akalazimika kuliita Baraza Kuu la Matabaka, yaani mkutano wa wajumbe wa makasisi, makabaila na watu wa kawaida, ambalo lilikuwa halijakutana tangu 1614. Kabla ya mkutano wa Mei 1789, vijiji na miji viliandika hati za malalamiko, na hizo wanafunzi wako wangezipenda kuliko habari za kuvamiwa gereza la Bastille. Wakulima walilalamikia kodi ya chumvi. Walilalamika kwamba njiwa wa bwana hula mbegu shambani nao hawana ruhusa ya kuwaua, na kwamba ni lazima wasage nafaka kwenye kinu cha bwana na kumlipa. Hati nyingi humtaja mfalme kama baba mwema ambaye hajaambiwa ukweli. Hao walikuwa watu wanaoomba marekebisho.

Na marekebisho waliyapata, mengi na kwa haraka. Usiku wa Agosti 4, 1789, Bunge, lililozaliwa kutokana na Baraza lile, likatangaza kufuta haki za kikabaila. Agosti 26 likapitisha Tamko la Haki za Binadamu na za Raia. Kama mambo yangeishia hapo, Ufaransa ingekuwa na mfalme anayetawala kwa katiba.

Kilichovuruga kilikuwa imani kati ya mfalme na wananchi kuvunjika, na sitaki uipite haraka darasani. Usiku wa kuamkia Juni 21, 1791, mfalme alitoroka Paris na familia yake, amevaa kama mtumishi, kuelekea mpaka wa mashariki. Huko Sainte-Menehould msimamizi wa kituo cha farasi, Drouet, akamtambua, akawatangulia, na msafara ukazuiwa mji mdogo wa Varennes. Mfalme alikuwa ameacha tamko nyuma yake lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, akiyakana mengi aliyoyakubali tangu 1789. Tangu siku ile, kila mara aliposema "nakubali" watu walijiuliza anamdanganya nani. Aprili 20, 1792 Ufaransa ikatangaza vita dhidi ya Austria, na sasa swali la mfalme likawa swali la usaliti. Agosti 10 kasri la mfalme la Tuileries likavamiwa. Mwanzoni mwa Septemba, Waprusi, washirika wa Austria, wakiwa wamekwisha kuingia nchini, watu waliingia magereza ya Paris wakaua wafungwa zaidi ya elfu moja kwa siku chache. Hapo ndipo umati wako ulipo, na serikali haikuuzuia. Jamhuri ikatangazwa mwezi huo huo, na Januari 21, 1793 mfalme akauawa kwa gilotini, mashine ya kukata vichwa.

Sasa njoo kwenye mahakama, maana ndiyo kiini cha jibu langu.

Machi 1793 hali ilikuwa mbaya kweli. Majeshi yalikuwa yanarudi nyuma, na jimbo la Vendée lilikuwa limeasi kwa sababu ya amri ya kuandikisha askari 300,000, juu ya chuki ya namna mapadri wao walivyotendewa. Bunge likaunda Mahakama ya Mapinduzi. Mbunge Danton, aliyeitetea, aliwakumbusha wenzake mauaji ya Septemba akasema: tuwe wakali, ili wananchi wasilazimike kuwa wakali. Fikiria hoja hiyo kwa haki. Alikuwa anataka kuyatoa mauaji mitaani na kuyaweka mikononi mwa hakimu. Na mahakama ilipoanza ilikuwa na mawakili, mashahidi na wazee wa baraza. Kilichokosekana ni rufaa tu. Aprili mwaka uleule Marat, mbunge na mwandishi mkali wa gazeti, alishtakiwa mbele yake akaachiwa huru, na wafuasi wake wakambeba juu juu.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kuamua nani anaweza kukamatwa. Sheria ya Washukiwa ya Septemba 17, 1793 ilisema mshukiwa ni yule ambaye kwa mwenendo, mahusiano, maneno au maandishi yake ameonekana kuunga mkono udhalimu. Mshukiwa pia ni yule aliyenyimwa hati ya uzalendo, na jamaa wa waliokimbilia ng'ambo ambao hawakuonyesha mapenzi yao kwa mapinduzi wakati wote. Orodha iliandikwa na kamati ya mtaa. Hapo sheria iliacha kuuliza mtu amefanya nini, ikauliza ni mtu wa namna gani, na jirani mwenye kinyongo akapata jibu la kuandika.

Mwezi uliofuata wakashtakiwa Wajirondi, wabunge waliotofautiana na kundi la Robespierre, mbunge aliyekuwa kinara wa serikali ya wakati ule. Walikuwa wasemaji hodari, na kesi ikarefuka. Bunge likapitisha amri kwamba baada ya siku tatu wazee wa baraza wanaweza kutamka kwamba wameridhika na ushahidi. Wakatamka. Wajirondi wakafa Oktoba 31. Aprili 1794 ikawa zamu ya Danton mwenyewe, kwa sababu alianza kuomba huruma na amani. Sauti yake ilivuma mahakamani hadi waendesha mashtaka wakahofia ukumbi ungegeuka upande wake, basi amri nyingine ikapita, kwamba mshtakiwa anayeitukana mahakama atolewe nje na kesi iendelee bila yeye. Inasimuliwa kwamba gerezani aliomba msamaha kwa Mungu na kwa watu kwa kuianzisha mahakama ile.

Halafu Juni 10, 1794 ikaja sheria ya Prairial, iliyoitwa kwa jina la mwezi wa kalenda ya mapinduzi. Mshtakiwa hana tena wakili. Mashahidi si lazima kama ushahidi mwingine upo, na ushahidi wa kimaadili unatosha, yaani lile linaloiridhisha dhamira ya wazee wa baraza. Hukumu ni mbili tu, kuachiwa au kufa. Angalia matokeo: kwa miezi kama kumi na minne kabla ya sheria hiyo, mahakama ya Paris ilikuwa imewahukumu kifo watu wapatao 1,250. Baada yake, kwa wiki saba tu, iliwahukumu karibu 1,400. Na hapa ndipo hoja kwamba vita ndiyo iliyolazimisha ukali inapokwama, kwa sababu Juni 26 Wafaransa walishinda mapigano ya Fleurus na hatari ya nje ikaanza kuondoka, lakini hukumu zilizidi kumiminika. (Ila usiwaache wanafunzi wadhani Paris ndiyo iliyoumia zaidi. Kati ya watu kama 17,000 waliohukumiwa kifo nchi nzima, wengi walikuwa wa mikoa ya uasi, na Vendée ilipoteza wengine wengi zaidi bila kesi yoyote.)

Kinachoniuma ni kwamba Robespierre, aliyeitetea sheria ile bungeni, ndiye aliyesimama Mei 1791 kuomba adhabu ya kifo ifutwe. Tena alipinga vita, akisema hakuna anayewapenda wamisionari wenye silaha. Simwoni kama mnafiki. Namwona mtu aliyefika mahali akaamini kwamba adui wa jamhuri hastahili hifadhi ya sheria, akaanza na mfalme, aliyesema hahitaji kushtakiwa bali kuuawa. Julai 26, 1794 alihutubia Bunge akidai wamo wasaliti humo ndani bila kuwataja majina. Kila aliyekuwa na wasiwasi akajiona ndiye. Kesho yake wakamkamata, wakamtangaza kuwa nje ya sheria, na Julai 28 mahakama haikumsikiliza. Ilithibitisha tu kwamba ni yeye, akapelekwa kwenye gilotini. Mwendesha mashtaka Fouquier-Tinville alipoletwa kizimbani mwaka uliofuata, alijitetea kwamba alikuwa anatekeleza sheria. Akauawa Mei 1795, na mwezi huo huo mahakama ikafutwa.

Unauliza nini kilibaki. Mfalme alirudi 1814, safari hii ndugu wa marehemu Louis, lakini njiwa wa bwana hawakurudi. Malipo ya kikabaila, yaliyofutwa kabisa bila fidia Julai 1793, hayakudaiwa tena, na waliokuwa wamenunua ardhi ya kanisa waliachiwa ardhi yao. Kuandikisha kuzaliwa, kuoa na kufa kulitoka kanisani kukaenda kwa halmashauri. Vipimo vya mita na kilo ni vya 1795. Wanawake, walioandamana hadi Versailles mwaka 1789 kumfuata mfalme, walifungiwa vilabu vyao vya siasa Oktoba 1793 na hawakupata kura.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa pwani. Februari 4, 1794, Bunge lile lile la Sheria ya Washukiwa lilifuta utumwa katika makoloni yote, likiwa na mjumbe Belley wa Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, aliyewahi kuwa mtumwa. Watumwa wa kule walikuwa wameshaasi tangu 1791. Lakini Morisi, iliyoitwa wakati huo Kisiwa cha Ufaransa, na Reunioni, jina ambalo lenyewe ni la mapinduzi, zilikuwa na mashamba yaliyotegemea watu waliotolewa pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alikuwa amefunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kwa mwaka. Wajumbe wa serikali walipofika Kisiwa cha Ufaransa mwaka 1796 na amri ya kufuta utumwa, walowezi waliwafukuza. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa kisheria, Haiti ikapigana ikawa huru Januari 1, 1804, na waliotoka Kilwa na kwingineko wakiwa Reunioni wakangoja hadi Desemba 20, 1848.

Ukitaka nikutafsirie vifungu vya sheria ya Prairial ili wanafunzi wavisome wenyewe, niandikie, nitavituma kabla muhula haujaanza. Nisalimie mama watoto na watoto wote.

Wasalaam,
Sahibu yako