Gauni moja, picha mbili: barua kwa Bi. Mwanaisha

Malindi, Unguja
14 Machi 2024

Mpendwa shoga yangu Bi. Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, natumai hujambo wewe pamoja na wajukuu, na kwamba goti limekupa nafuu. Sisi huku hatujambo. Ndani ya bahasha hii utakuta picha iliyofungwa kwa karatasi laini. Naomba uitazame kwanza kama mgeni yeyote, halafu uitazame tena kwa jicho lile tulilokuwa nalo studio, tulipokuwa tukikaa na kalamu ya risasi na kuziba madoa ya negativi za watu. Nimeifanyia kazi wiki tatu, na imenirudishia ugomvi wa miaka 56.

Unamjua pacha wangu Zuhura kwa hadithi tu. Yeye ni kurwa na mimi ni doto, na tangu utotoni ametangulia katika kila kitu: kuzaliwa, kuota meno, kuolewa. Mwaka 1972, tukiwa na miaka tisa, mjomba alimchukua kwenda Maskati, mimi nikabaki na bibi hapa Malindi. Kila mmoja wetu alibaki na picha yake aliyopigwa sikukuu ya Idi mwaka 1968, katika studio moja ya Mji Mkongwe, kabla ya kwenda Mnazi Mmoja kuchezea bembea. Hakuna picha ya utotoni tuliyopigwa pamoja. Sababu yake ni ndogo: mama alikuwa ameshona gauni moja. Kitambaa hakikutosha mawili, kwa hiyo mmoja wetu alipigwa picha, mama akamvua gauni nyuma ya pazia, akamvika mwingine, naye akaketi juu ya kigoda kilekile.

Mwaka huu Zuhura alipiga simu akasema anataka zile picha mbili ziwe moja kabla hatujafa. Nilimwambia ni jambo jepesi, naye akaniletea picha yake kwa simu usiku uleule. Ilikuwa imepigwa kupitia nailoni ya albamu, taa ya dari ikimeta kwenye paji la uso wake wa miaka mitano, na kwa kuwa simu ilishikwa mshazari, kigoda kilikuwa kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili. Isitoshe, WhatsApp ilikuwa imekwisha kuiminya. Uso ulionekana vizuri kwenye kioo cha simu, lakini nilipoukuza, kope zilikuwa vijisanduku. Nilimwomba mjukuu wake aitoe picha kwenye nailoni, aipitishe kwenye skana, aihifadhi kama faili la TIFF, na anitumie kwa njia ya "Document" badala ya picha. Nilimkataza kitu kimoja kwa ukali, nacho ni kubandua picha yoyote iliyogandamana na ukurasa. Kwa bahati ya kwao ilikuwa imeshikwa na pembe nne za karatasi tu.

Picha yangu ina sentimita 9 kwa 14, na yake 6 kwa 9. Yangu niliisoma kwa nukta 600 kwa inchi, yake ikasomwa kwa 1200, kwa sababu kilicho kidogo kwenye karatasi kinahitaji kutazamwa kwa ukaribu zaidi. Baada ya hapo ilinibidi kuamua yeye awe na ukubwa gani kando yangu, na hapo wengi hukosea kwa kulinganisha vichwa. Vichwa vya watoto hudanganya, kwa maana mmoja akiinamisha kidevu kidogo tu, uso hufupika. Mimi nilipima kigoda. Kwangu kina upana wa milimita 28 kwenye karatasi, yaani nukta 661 kwenye kompyuta. Kwake kina milimita 19, yaani nukta 898. Niligawanya, nikampunguza Zuhura hadi asilimia 74 hivi, na magoti yetu yakawa sawa bila mimi kuyagusa. Nilifurahi peke yangu kama mtu aliyepata funguo zilizopotea.

Rangi ndiyo iliyonichosha. Yake ilikaa miaka yote ndani ya sanduku la bati, katika chumba chenye kiyoyozi. Yangu ilining'inia ukutani ikipata unyevu wa vuli na masika, na yaelekea yule mpiga picha, kwa haraka za Idi, hakuiosha vya kutosha ikatoka dawa ya hipo yote. Imegeuka manjano, na sehemu zenye giza zinametameta kibuluu ukiigeuza kwenye mwanga. Unakumbuka namna kompyuta inavyohesabu, kwamba 0 ni weusi kabisa na 255 ni weupe kabisa. Nywele za Zuhura zilifika 15. Zangu hazikushuka chini ya 68. Nywele nyeusi tititi za mtoto zimekuwa majivu. Nilipojaribu kuzivuta zifike 15, ngozi ya shavu langu ilianza kupasuka vipande vipande kama udongo wa bondeni, kwa kuwa vijivu vilivyopotea havirudi kwa kuvutwa. Basi nikasimama penye 35, kisha nikampandisha Zuhura naye afike 35. Hakupenda nilipomweleza. Alisema nimeifubaza picha yake iliyokuwa nzima. Nikamjibu kwamba iliyo nzima inaweza kushuka, iliyochakaa haiwezi kupanda, na tukiachana rangi kila mtu atajua kwamba tumeunganishwa.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo sikulitarajia kabisa. Nyuma yetu kuna pazia lililochorwa mnazi na jahazi, na kamera siku ile haikuhamishwa. Ukitaka mnazi uwe mmoja, sharti uzipandanishe picha mpaka mnazi ukae juu ya mnazi, na ukifanya hivyo sisi wawili tunakaa mahali pamoja, mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu kigoda nacho hakikuhama. Mtu mwingine angeigeuza picha moja, kushoto iwe kulia, ili jahazi liende upande wa pili na ionekane ni pazia jingine. Nilikataa, maana Zuhura ana kovu la jiko la mkaa juu ya nyusi ya kushoto, na ningeligeuza lingehamia kulia. Tena kivuli cha pua yake kingeanguka upande mmoja na changu upande wa pili, kana kwamba studio ilikuwa na jua mbili. Nimeacha minazi miwili na majahazi mawili. Mshono umepita kwenye sehemu ya pazia isiyo na mchoro, nami sikufuta kitu. Katika programu ya picha ya GIMP nimeweka kila picha kwenye tabaka lake na kufunika nisichokihitaji, ili atakayetaka kufunua aweze. Yeye nimemweka kushoto, mimi kulia. Zuhura ndiye aliyetaka hivyo, kwa kuwa kurwa husomwa kwanza.

Sasa fika kwenye gauni, Bi. Mwanaisha, chukua na miwani.

Tangu utotoni tunabishana nani alilivaa kwanza. Mimi nimeshikilia maisha yangu yote kwamba ni mimi, na kwamba ndilo jambo pekee ambalo doto alimtangulia kurwa. Pia siku ile gauni lilipata doa la maji ya ukwaju, na ni mimi niliyechapwa. Nilipoikuza picha yangu niliona, chini kidogo ya mfuko wa kulia, doa la kijivu lenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Kwanza nilidhani ni doa la karatasi. Nikaichukua picha yenyewe dirishani, nikailaza mshazari ili mwanga uteleze juu yake, kwa kuwa uchafu wa karatasi hukatiza mng'ao. Mng'ao haukukatika. Tena doa lenyewe linakatika penye rinda: linaanza kwenye kunjo moja, linapotea ndani ya mkunjo, kisha linaendelea kwenye kunjo la pili likiwa limesogea. Doa la karatasi halijui marinda. Lile lilikuwa kwenye kitambaa siku ile.

Nikaenda kwenye picha ya Zuhura, mahali palepale, chini ya mfuko uleule. Ni safi.

Nilikaa muda mrefu mbele ya kioo cha kompyuta. Gauni safi lilitangulia, gauni lenye doa likafuata. Yeye alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, kama ilivyo desturi yetu. Lakini kama ndivyo, doa liliingia kati ya picha mbili, na ninakumbuka waziwazi, ingawa yeye hakumbuki, kwamba aliposhuka kwenye kigoda alipewa glasi ya ukwaju kwa sababu ya kutulia vizuri, na aliinywa kabla hajavuliwa.

Nilimpigia simu usiku. Nikamwambia kwamba nimekubali, yeye ndiye wa kwanza. Akacheka, akawaita na watoto wake wasikie. Nilipomaliza kumweleza kuhusu doa, kukawa kimya upande wa Maskati. Kisha akasema huenda nililimwaga mwenyewe wakati ninavalishwa. Nikamuuliza kwa glasi ya nani. Hakujibu, aliniuliza kama doa laweza kufutwa. Nikamwambia laweza, ni kazi ya dakika mbili, unachukua kipande cha kitambaa safi cha jirani na kukiweka juu yake. Akasema, basi lifute, picha itapendeza. Nikamwambia sifuti, nilipigwa kwa ajili yake.

Siku mbili zilipita bila simu, jambo ambalo si kawaida yetu. Ya tatu akapiga alfajiri, kwao kumekucha kabla ya kwetu, na bila salamu akasema: "Zuwena, kama hulifuti, basi na mimi nitie. Mahali palepale, chini ya mfuko. Watoto wakituona wasijue ni la nani."

Hilo pia ni kazi ya dakika mbili. Nimetengeneza tabaka jipya, nimelinakili doa, nimelilaza juu ya gauni lake na kulivunja kidogo penye rinda ili likae sawa. Linakaa vizuri kupita kiasi. Nakala niliyokuletea ni ile isiyo na tabaka hilo, yenye upana wa sentimita 30. Ile ya pili sijaichapisha, na Zuhura ananiuliza kila Ijumaa. Nitakapopata jibu lako ndipo nitakapokwenda kuchapisha, kwa hiyo usikawie. Ukiandika, nieleze pia kama umeuona mshono, na uniambie ulipo.

Nisalimie wote hapo Tanga.

Wako shoga,
Zuwena