Kuhusu barua pepe zetu za kisima

Wanakamati, habari za jioni.

Jana nimetumia karibu nusu saa kutafuta bei ya pampu kwenye barua pepe zetu. Mjumbe mmoja alijibu "Sawa, nakubali", na chini yake zimeburutwa barua kumi na nne. Kakubali nini: pampu, au fundi wa Mbezi? Mpaka leo sijui.

Tatizo ni kwamba kwenye Gmail ukibonyeza kujibu, maneno ya zamani hujificha nyuma ya vinukta vitatu. Wewe huyaoni, ila yanakwenda yote. Gusa vile vinukta, futa yote, bakiza mstari unaoujibu tu, kisha andika chini yake:

> Pampu ya 1.5 HP au ya 2 HP?
Ya 1.5 HP, kisima chetu si kirefu.

La pili ni mshahara wa mlinzi. Uliulizwa ndani ya "Re: Bei ya pampu", ukazikwa humo. Jambo likihitaji uamuzi wa peke yake au watu wengine, anza barua mpya kabisa. Msijibu ya zamani na kubadili kichwa tu: Gmail itaitenga, lakini programu nyingine hufuata alama zilizofichwa ndani ya barua na kuirudisha kwenye mnyororo uleule. Kama jambo jipya limezaliwa na la zamani, kichwa kiseme hivyo: "Mshahara wa mlinzi (ilikuwa: Bei ya pampu)".

Aliyekubali, naomba aandike upya alichokubali. Fundi anasubiri.