Malalamiko: risasi zangu zilizofutwa na seva yenu, na kuitwa mdanganyifu mbele ya watu

Mombasa

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wachezaji,

KUH: KIKOMO KIPYA CHA FIDIA YA LAGI NA KUFUNGIWA AKAUNTI YANGU

Ninawaandikia kwa heshima, ingawa kwenu sikuipata. Akaunti yangu mnayo, namba ya tiketi mnayo, na sasisho ninalolilalamikia, lile lililopunguza fidia ya ucheleweshaji wa mtandao kwa wachezaji wa mbali, mmelitoa wenyewe, kwa hiyo sitayarudia hayo.

Ilikuwa raundi ya mwisho ya mchujo wa mchezo wenu wa kurushiana risasi mtandaoni, tumebaki mimi na mpinzani mmoja. Alikatiza mlango wa ghala akikimbia. Nikalenga kichwa, nikafyatua, na damu nikaiona ikiruka kwenye skrini yangu. Hakupungukiwa uhai hata kidogo. Nikarudi nyuma ya ukuta, nikafa nikiwa nimeshajificha mwili mzima. Kabla wenzangu hawajatamka neno, mwamuzi wenu akaandika mbele ya wachezaji wote kwamba ninachomoa waya makusudi ili niwasumbue wengine. Nikatolewa. Timu yangu ikaondolewa kwenye mchujo. Akaunti ikafungiwa siku 14.

Nilipolalamika nikajibiwa kwa mistari miwili: mchezo hauna hitilafu, boresha mtandao wako.

Basi tuanze na huo mtandao. Kutoka Mombasa hadi seva yenu ya Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za mawasiliano husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata mkinitandikia waya ulionyooka kama rula kutoka kwangu hadi kwenu, kwenda na kurudi peke yake kungekula milisekunde 65. Nyaya halisi hupita baharini na kuzunguka, kisha zipo swichi na ruta njiani. Pingi yangu, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, ni milisekunde 160, haiyumbi sana, na grafu ya mtandao usiku ule ilionyesha paketi zilizopotea sifuri. Ninalipia faiba. Hakuna kifurushi kinachouzwa Kenya kitakachoisogeza Frankfurt karibu na Mombasa. Mnalijua hilo, na bado mlinijibu vile.

Sikudai kamwe kwamba umbali usiwepo. Mchezo wa aina hii umejengwa ili watu wa mbali waweze kucheza pamoja. Tangu mchezo wa QuakeWorld wa 1996 mashine ya mchezaji haingoji ruhusa ya seva ili kumsogeza. Nikibonyeza kwenda mbele, mashine yangu inatabiri matokeo na kunisogeza papo hapo, huku amri ile ikisafiri. Kwa pingi yangu, na seva yenu inayosasisha mchezo kwa hatua 64 kila sekunde, wakati wowote zipo amri kama kumi zangu ambazo seva haijazijibu. Jibu likifika, mashine inaanzia pale seva iliponiweka, inazirudia amri zilizobaki, na mambo yakienda sawa sioni chochote.

Lakini adui simtabiri. Adui ninamwona kama alivyokuwa. Mchezo wenu humchora akiwa nyuma paketi mbili, yaani milisekunde 31, ili mwendo wake usikatike. Juu ya hizo ipo safari ya picha yake kuja kwangu, 80, na safari ya risasi yangu kwenda kwenu, 80 nyingine. Jumla 191. Ndiyo maana ipo fidia ya lagi: risasi ikifika, seva inawarudisha wachezaji wote mahali walipokuwa milisekunde 191 zilizopita, inaangalia kama nililenga sawasawa, kisha inaendelea. Bila hivyo kulenga hakuna maana yoyote kwa mtu aliye mbali.

Kila mchezo huweka kikomo cha kurudi nyuma. Kwenye Source, injini ya michezo ya kampuni ya Valve, kinaitwa `sv_maxunlag` na kwa kawaida ni sekunde 1 nzima. Chenu kilikuwa milisekunde 250, na nilicheza kwa raha na kuwalipa kila msimu. Sasa mmekishusha hadi 150.

Fanyeni hesabu nami. Ninahitaji 191, mnanipa 150. Zinabaki 41 ambazo seva haizirudishi. Mchezaji anayekimbia kwenye mchezo wenu huenda mita 6 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya milisekunde 41 anasogea sentimita 25. Kichwa cha mtu hakina upana huo. Yaani nikiweka shabaha katikati ya kichwa cha mtu anayekatiza mbele yangu, kwa seva yenu risasi imepita hewani nyuma ya kisogo chake. Si wakati mwingine. Ni kila mara akimbiapo. Akisimama nampata, akikimbia namkosa, na hivyo ndivyo mtu yeyote anavyoweza kuthibitisha jambo hili bila vifaa: chukueni mtu mwenye pingi yangu, afyatulie lengo lililosimama na kisha lengo linalokatiza, mlinganishe.

Na ile damu? Damu ile iliwekwa na mashine yangu yenyewe, kwa sababu nayo mmeiruhusu itabiri kwamba nimepiga. Seva ikakataa, na hakuna aliyeniambia. Mlipunguza fidia mkaacha damu. Mchezo unaniambia nimepata, halafu ubao wa matokeo unaniambia sikupata, na mtu wenu wa huduma ananiambia mtandao wangu ni mbovu.

Najua hoja yenu, mmeiandika kwenye maelezo ya sasisho: wachezaji wa karibu wanalalamika kufa nyuma ya kuta kwa risasi za watu wa mbali. Ni kweli wanakufa. Nami ninakufa hivyo zaidi yao. Mtu wa Frankfurt mwenye pingi 20 ananiona milisekunde 121 baada yangu kusogea: 80 za amri yangu kufika kwenu, 31 za kuchorwa, 10 za kumfikia. Akifyatua, risasi inachukua 10 kurudi kwenye seva na habari ya kifo changu 80 kunifikia mimi. Zote pamoja 211, ambazo kwa mbio zangu ni mita 1 na robo ndani ya maficho. Sijawahi kuandika barua juu ya hilo. Nililikubali kwa sababu makubaliano yalikuwa ya pande zote: mimi ninakufa nyuma ya ukuta kwa ajili yao, na risasi zangu zinahesabiwa pale nilipolenga. Ninyi mmebakiza nusu inayoniumiza na kufuta nusu inayonisaidia. Na wao mmewapunguzia nini? Sentimita zile zile 25 za ukuta. Kwa hizo mkaamua kwamba mtu wa Mombasa asipige kichwa kinachotembea.

Hata hivyo kikomo peke yake kisingenifanya niandike kwa ukali huu. Niruhusuni nirudi kwenye raundi ile, kwa sababu mwamuzi wenu aliiona na hakuiangalia.

Nilikuwa nimepiga magoti pembeni ya mapipa ya buluu. Mpinzani akatokea kushoto kwa mlango wa ghala kwenda kulia, mbio. Shabaha iko sikioni mwake, nimefyatua, damu imeruka. Sekunde hiyo nilijua tumefuzu. Nikaanza kurudi nyuma ya ukuta, na hapo nikavutwa nje: nilikuwa nimeshaingia, skrini ikanirudisha kama kiganja kimoja, nikaingia tena, nikafa. Kisha maandishi yale, mbele ya wenzangu na mbele ya vijana wa nchi nyingine ambao sikuwahi kuwakosea: huyu anachomoa waya. Mdogo wangu alikuwa amekaa kando yangu akiyasoma kwa sauti.

Huko kuvutwa ndiko mlikokuita ushahidi. Rekodi ya mashine yangu inasema kilichotokea. Amri zangu nne zilichelewa kidogo njiani zikafika kwa mkupuo, pengo la milisekunde 60 hivi. Seva yenu ina ukomo wa amri inazotekeleza kwa hatua moja, ili kuwazuia wanaoharakisha mwendo. Nauelewa na ninauunga mkono. Lakini amri zinazozidi hutupwa, na mashine yangu iliandika kosa la utabiri la sentimita 19, ambazo ni sawasawa na mwendo wa amri mbili zilizotupwa. Nilirudishwa kwa sababu ninyi mlizitupa amri zangu.

Anayechomoa waya kweli haonekani hivyo. Yeye paketi zake hukatika kwa muda mrefu, na hukatika tena na tena kila anapokabiliwa, huku za kuingia zikiendelea kumfikia. Pengo langu lilikuwa moja na dogo, na lilinidhuru mimi. Haya yote yamo kwenye rekodi ya seva. Mwamuzi angeifungua angeyaona kabla ya kunichafulia jina. Alichagua kuandika kwanza.

Ninachotaka ni hiki. Ifungueni akaunti yangu leo na mfute alama ya udanganyifu iliyowekwa kwenye jina langu. Mwamuzi aombe radhi mahali pale pale alipoandika, na wale wale waisome. Nirudishieni fedha za msimu nilizolipa kwa M-Pesa, kwani nilizilipa wakati kikomo ni 250. Na kikomo hicho kirudi 250 kwa wachezaji wa kanda zisizo na seva, au mweke seva Nairobi. Kama mtashikilia 150, basi angalau iondoeni damu ya uongo na mweke alama kwenye skrini ya kumjulisha mchezaji kwamba fidia yake imefika mwisho.

Nilipoanza kuandika nilikuwa tayari kuridhika na akaunti na radhi. Kadiri ninavyoisoma tena ile mistari yenu miwili, sitaridhika tena. Nataka pia timu yangu irudishiwe nafasi yake kwenye mchujo, raundi ile ichezwe upya kwenye seva yenye kikomo cha zamani, na wenzangu wanne warudishiwe fedha zao kama mimi.

Mna siku 7 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila jibu la mtu aliyeifungua rekodi ya seva, nitaziweka hadharani rekodi mbili ubavu kwa ubavu, ya skrini yangu na ya mechi mliyoitoa wenyewe, na hesabu ya zile 41 ikiwa juu yake, kila mchezaji wa Afrika Mashariki aihakikishe kwa pingi yake. Na kwa kuwa mliniuzia msimu kwa shilingi za Kenya kisha mkabadilisha nilichonunua katikati ya msimu, nitapeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, inayolinda pia watumiaji. Wenzangu wanne wameshakubali kutia saini, na mistari yenu miwili itakuwa kiambatisho cha kwanza.

Wenu,

Mteja mliyemfungia