Salamu za mwaka mpya kutoka Kibosho, kila nyumba na neno lake

Mama yetu mpendwa, kaka na dada zangu, shemeji zangu, shangazi na wajomba, pamoja na watoto wetu wote mlioko hapa nyumbani, Arusha, Dodoma, Dar es Salaam na ng'ambo: heri ya mwaka mpya.

Nawaandikia alfajiri ya tarehe 31 Desemba, nikiwa kwenye kibaraza cha nyumba ya Baba hapa Kibosho. Mvua za vuli zimekatika wiki iliyopita na Kibo imejitokeza yote, nyeupe juu, kabla mawingu ya mchana hayajaifunika. Mama ameshaamka na anamenya ndizi za mtori. Mikono yake imekuwa mizito mwaka huu, kwa hiyo anamenya polepole, na kila ndizi anayoimaliza anaitumbukiza kwenye beseni la maji isije ikawa nyeusi. Jana tulipalilia makaburi kule chini ya migomba, tukaotesha masale mapya pale ambapo ya zamani yalikuwa yamekauka. Kwa jinsi hiyo mwaka unaisha hapa nyumbani, na nimetaka muuone hata ninyi ambao hamkupata nafasi ya kupanda basi.

Kabla sijaendelea, nina jambo la kuwaomba radhi. Mwaka jana, usiku kama wa leo, niliwatumia wote picha yenye maua na fataki, iliyoandikwa kwamba tunamaliza mwaka uliojaa furaha na mafanikio. Sikuitunga mimi. Niliipokea kwa mtu, nikaisukuma kwenu, na juu yake vilikuwapo vile vimishale viwili vinavyoonyesha kwamba ujumbe umekwisha kupita mikono mingi. Niliituma pia kwa Dada wa Arusha, ambaye miezi miwili tu kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mume wake. Alinijibu neno moja, asante. Mwezi wa pili, tulipokuwa tumekaa tunachambua maharage, aliniambia kwa upole kwamba siku ile maneno yaleyale yalimfikia mara nne, na ya kwangu yalikuwa ya tatu. Hakuongeza kitu, akaendelea kuchambua. Nimelibeba neno hilo mwaka mzima.

Nilipolitafakari, nilikumbuka jinsi Baba alivyokuwa akigawa nyama ya mbuzi wa Krismasi. Hakuna siku aliyoweka sinia katikati akasema kila mtu ajichukulie. Alikaa kwenye kigoda, akamwita mmoja mmoja kwa jina la uhusiano wake, shangazi, mjomba, mkwe, na kila aliyeitwa akapewa kipande kilicho chake, kikafungwa kwenye jani la mgomba. Aliyekuwa mbali alitengewa, na mtoto akatumwa apeleke. Kipande chenyewe kingeweza kuwa kidogo sana, lakini aliyekipokea alijua kwamba amekumbukwa yeye na si mtu mwingine. Salamu zangu za mwaka jana zilikuwa sinia la katikati.

Kwa sababu hiyo, tarehe 20 mwezi huu nilichukua daftari la shule lililobaki kwa watoto, nikaandika nyumba zetu zote, kila nyumba ukurasa wake, na jumla yake zimekuwa 14. Kila jioni nilikaa na nyumba mbili, kwa kuwa nilipojaribu kuandikia nne kwa mkupuo, nyumba ya nne ilipata maneno yaleyale ya nyumba ya kwanza. Katika kila ukurasa niliandika jambo moja la mwaka huu nililoliona kwa macho yangu au kulisikia kwa mwenyewe, kisha jambo moja la mwaka ujao ninaloweza kulifanya au kuliombea kwa jina lake. Kurasa tatu zilibaki tupu. Ukurasa wa binamu yetu wa Dodoma ulinionyesha kwamba sijazungumza naye tangu Pasaka. Ningeweza kumtakia afya njema na mafanikio, na asingejua lolote, lakini nilimpigia simu, tukazungumza karibu saa nzima, na hapo ndipo nilipojua kwamba amehamishwa kituo cha kazi na kwamba mtoto wake wa mwisho ameanza kutembea.

Ukurasa wa Dada ndio ulionichukua muda mrefu zaidi. Mara ya kwanza niliandika: "Pole kwa yote uliyopitia, Mungu akutie nguvu, na mwaka mpya ukawe wa furaha." Nikafunika jina lake kwa kidole, nikasoma yaliyobaki, nikaona kwamba maneno hayo yangeweza kwenda kwa mgonjwa, kwa aliyefukuzwa kazi au kwa aliyeibiwa ng'ombe, na yote yangemfaa kila mmoja wao kwa kiasi kilekile. Isitoshe, nilikuwa nimeandika "yote uliyopitia" kwa sababu niliogopa kuandika neno kifo, ilhali yeye ameishi nalo kila siku. Na hiyo furaha niliyomtakia ilikuwa kama kumwambia kwamba muda wa kulia umekwisha, jambo ambalo si mimi wa kulipanga. Mara ya pili niliandika mengi mno, nikaeleza kifo kile kwa namna ambayo ingemrudisha hospitali upya. Nikafuta. Mara ya tatu nikabaki na haya, na kwa ruhusa yake ninayaweka hapa mbele yenu:

"Dada, huu ni mwaka wa kwanza mzima bila Shemeji. Jana nilipita kwenye ule mfongo alioukarabati kwa mikono yake, maji bado yanapita vizuri mpaka kwenye mibuni ya Mama. Sitakuambia ufurahi. Jumamosi ya pili ya Januari nitakuja na mkasi wa kupogolea, tupogoe mibuni yako iliyo nyuma ya nyumba, maana najua hiyo ilikuwa kazi yake."

Kazi yenyewe haiwezi kungoja sana, kwa sababu mavuno yamekwisha na mibuni inapaswa kupogolewa kabla ya masika. Ndiyo maana nilitaja siku. Nilikuwa nimeandika kwanza kwamba nitakuja kukutembelea siku moja, nikaona kwamba ahadi isiyo na siku ni kama ile picha ya maua. Kwa nyumba ambazo sikuwa na hakika ya kuweza kitu, sikuahidi kitu.

Sasa niwaite wengine. Kaka Mkubwa, nakushukuru kwa mabati 12 uliyoyaleta mwezi wa nne, kwa kuwa mvua za masika zilikuwa nzito na jiko la Mama halikuvuja hata tone. Shemeji yangu mke wa Kaka, ule usiku uliokesha na Mama alipopandwa na homa sitausahau, na Mama mwenyewe anakuita binti yangu anapokutaja. Mjomba wa Machame, umetimiza miaka 80 na bado umepanda mlima huu kwa miguu kutoka barabarani kuja kutuona. Tafadhali mwaka ujao utupigie simu kwanza, tukufuate na bodaboda. Baba Mdogo, ulikuja kwa treni, jambo ambalo lisingewezekana kabla ya Desemba 2019 iliporudi kwenye reli ya Moshi, na watoto hawajachoka kusimulia ulivyowaelezea stesheni moja baada ya nyingine. Shangazi wa Arusha, kitenge ulichomletea Mama amekiweka kwa ajili ya misa ya kesho, na amekataa kabisa kukijaribu mbele yetu.

Kwa mpwa wangu uliyemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa 11: watu wengi wanakupongeza mapema, nami nimeona nisubiri. Matokeo hayajatoka, na najua jinsi swali hilo linavyokuchosha kila unapoingia kwenye nyumba ya ndugu. Ninalolijua kwa hakika ni kwamba ulikuwa ukiamka saa 10 alfajiri na kuwasha taa ile ndogo na kuifunika kwa kitambaa ili usimwamshe Bibi yako. Hilo nimeliona, na litabaki kweli, matokeo yawe vyovyote.

Wawili mliopata watoto mwaka huu, sikuwaweka mwishoni kwa kuwasahau. Nimeona vema wafu watajwe kwanza, kisha wagonjwa, kisha watoto, kama Mama anavyofanya anapoongoza sala ya jioni, ili anayefurahi asione kwamba anafurahi juu ya kilio cha mwenzake. Mapacha wa Dar es Salaam bado hatujawabeba. Mtakapowaleta, hata ikiwa ni mwezi wa sita wakati wa baridi, Mama ana mbuzi aliyemtenga, na anamlisha mwenyewe.

Yapo mambo ambayo mtaona sikuyaandika. Madeni, magonjwa ambayo wenyewe hawajayatangaza, na ile tofauti ya mpaka iliyoko kati ya ndugu zetu wawili, hayo si ya kusomwa na nyumba 14 kwa pamoja, hata kwa maneno mazuri. Wenyewe nimewaandikia kando. Kwa hao wawili, sale la kuombana radhi, lililofungwa fundo, liko juu ya meza ya Baba tangu jana, na atakayelichukua kumpelekea mwenzake hataulizwa chochote na mtu yeyote.

Kesho tarehe 1, baada ya misa ya kwanza, tutakula pamoja hapa nyumbani, mtori na ndizi nyama, na mbege itakuwapo kwa wanywaji. Walio mbali nawaomba kitu kimoja. Macho ya Mama hayasomi tena herufi za simu, kwa hiyo jioni ya tarehe 2 nitakaa naye kando ya jiko nimsomee majibu yenu. Atakayependa kutuma sauti badala ya maandishi, aseme kwanza yeye ni nani na mtoto wa nani, azungumze polepole, na isizidi dakika moja, kwa kuwa Mama huishikilia simu sikioni na mkono wake huchoka. Mwambieni jambo moja tu la nyumbani kwenu: mmepika nini, mtoto ameota jino, mvua imenyesha au haijanyesha. Picha ya maua asiitume mtu, kwani mwaka jana aliniuliza kila moja imetoka kwa nani, na sikuwa na la kumjibu.

Aika sana, ndugu zangu.

Mimi mdogo wenu, niliyebaki nyumbani na Mama.