Mashine Haiishi Mwezi Mmoja: Barua ya Wazi kwa Wanakikundi wa Mashine ya Kusaga

Wanangu,

Shikamoo zenu za Jumapili nilizipokea zote, pale darasani mlipofanyia mkutano. Baada ya hapo sikusema neno, maana nilialikwa kama mgeni na sikutaka kuingilia ugomvi wa nyumba ya watu. Nimekaa na jambo hili siku nne na usingizi haunijii vizuri. Sasa naandika, na naandika wazi, kwa sababu najua vipo vikundi vingine kuanzia Makambako hadi Songea ambavyo kosa hili la kuandika hesabu litavikuta au limeshavikuta.

Binti yenu mweka hazina alisimama akasoma. Mapato ya mwezi wa kwanza, shilingi 1,450,000. Matumizi, shilingi 9,310,000. Hasara, shilingi 7,860,000. Hakuwa hata amekaa, mtu wa nyuma akauliza: "Hizo milioni saba amekula nani?" Mwingine akadakia kwamba alimwona juzi na kitenge kipya. Mwenyekiti, ambaye alikuwa naye siku ile mashine inashushwa kwenye gari, akatazama chini. Binti akaweka daftari mezani, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akatoka. Jioni wenzenu watatu walikuwa wanadai warudishiwe michango yao, na mmoja ameshapata mteja wa kuinunua mashine kwa milioni tano. Mashine ya mwezi mmoja! Rangi ya kijani haijapauka hata kwenye mdomo wa kumwagia mahindi.

Nililiomba lile daftari nikalisoma usiku kucha. Nimekuwa mhasibu wa ushirika miaka 31, najua daftari la mwizi linavyonuka. Hili ni safi. Kila shilingi ina tarehe, na kila risiti ina namba. Hakuna aliyeiba, na hasara haipo. Kosa ni moja tu: bei ya mashine imeandikwa safu moja na luku na grisi, kana kwamba vyote ni vitu vya mwezi mmoja. Na kosa hilo si lake. Alifundishwa kwamba kila kinachotoka ni matumizi, basi akaandika alivyofundishwa.

Sikilizeni. Mkinunua umeme wa luku leo, mkisaga hadi Alhamisi umekwisha. Mwezi ukifika mwisho hamna cha kuonyesha, umeshageuka unga wa wateja. Mshahara wa msagaji ni hivyo hivyo, na pango la banda, na mkanda uliokatika. Hayo ni matumizi ya kawaida, ya kuendesha kazi, na yanabebwa na mapato ya mwezi ule ule. Lakini mtu akiuza ng'ombe akanunua shamba, nani atasema amefilisika? Ng'ombe ameondoka zizini, shamba lipo. Mlitoa fedha benki, mkapata mashine, na mashine imesimama pale juu ya zege. Hayo ni matumizi ya mtaji. Kila mwezi Juni mnasikia redioni bajeti ikisomwa Dodoma, matumizi ya kawaida yakitajwa mbali na matumizi ya maendeleo. Mgawanyo ule ni ndugu wa huu ninaousema, ingawa si pacha wake. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo aliyeusikia redioni akija kwenye daftari la kikundi anachanganya vyote kwenye kapu moja.

Sasa tuhesabu wote, polepole. Mashine yenyewe ilinunuliwa 7,200,000. Gari la kuileta lilikula 350,000. Zege la msingi na kazi ya kuifunga ni 450,000. Fundi wa umeme wa njia tatu alichukua 400,000. Wengi wangeandika ile 7,200,000 tu kuwa bei ya mashine na kuyatupa hayo mengine kwenye matumizi ya mwezi. Sivyo. Mashine ikiwa bado stoo ya muuzaji haisagi hata debe moja. Kila kilichohitajika mpaka ifike, isimame na izunguke kinaingia kwenye bei yake. Kwa hiyo mashine yenu ina thamani ya 8,400,000, na ndiyo ile michango yenu ya 420,000 kila mtu, watu 20, mliyoichanga 17,500 kwa mwezi miaka miwili mizima.

Fundi aliyeifunga nilimuuliza, akasema kwa kazi mnayoipa itawatumikia miaka mitano kabla haijaanza kuwasumbua kuliko inavyowafaa. Wakati huo mtaweza kuiuza kama chakavu kwa 600,000 hivi. Basi kitakacholiwa na kazi ni 7,800,000. Gawanyeni kwa miezi 60, mnapata 130,000. Hicho ndicho kipande cha mashine kinacholiwa kila mwezi, na jina lake ni uchakavu. Miaka mitano ni makadirio, haikuandikwa mbinguni. Msimu ukiwa mkubwa mkasaga usiku na mchana, kaeni mwisho wa mwaka mwiteni fundi, mpunguze miaka iliyobaki.

Rudieni basi mwezi ule wa kwanza. Mapato 1,450,000. Luku 420,000, msagaji 300,000, pango 100,000, na chekeche, mkanda na grisi 90,000. Jumla 910,000. Inabaki 540,000. Toeni uchakavu 130,000, faida yenu ni 410,000. Huu ndio mwezi mliomliza binti wa watu kwa hasara ya milioni saba.

Lakini hasara ile ya uongo siyo inayonitisha zaidi, kwa sababu inapiga kelele na kila mtu anaiona. Kinachonitisha ni mwezi wa pili. Kama bei yote ya mashine imeshaandikwa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili mashine itasaga bure kwenye daftari. Mtaona faida 540,000. Mtashangilia. Mtagawana 27,000 kila mmoja, mkienda nyumbani mnadhani mmekula faida, kumbe katika kila 27,000 kuna 6,500 ambayo ni chuma cha mashine yenu. Mtaila mwezi kwa mwezi, bila kelele, bila wa kumlaumu, mpaka siku mota inatoa moshi.

Nayajua haya kwa macho yangu. Nilipokuwa karani kijana, ushirika mmoja niliofanya kazi ulikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Ilipoanza tu, mkutano mkuu ukawa na furaha ya ajabu. Kila mwaka mgao, kila mwaka watu wanabeba mabati na baiskeli. Niliandika uchakavu kwenye leja kila mwaka, mwandiko mzuri kabisa, na nikaridhika kwamba nimetimiza kazi. Sikuwahi kusimama mbele ya wanachama niwaambie kwamba ile tarakimu ya kwenye leja haina fedha nyuma yake, kwamba fedha zake tumeshagawana. Mwaka wa sita parafujo la kukamulia lililika hadi mafuta yakawa yanabaki kwenye mashudu. Wanawake waliokuwa wanakuja na magunia wakaanza kupita mlango wetu kwenda kwa mfanyabiashara wa mjini. Tukafungua kasha la fedha, halikuwa na kitu. Wazee wakasema tumerogwa. Mimi nilijua, na nilinyamaza, na ndiyo sababu leo sinyamazi.

Kwa hiyo kuandika uchakavu hakutoshi. Siku mnayofunga hesabu za mwezi, ile 130,000 ihame. Fungueni akaunti ya pili, saini za watu watatu, na isiguswe kwa mkopo wa mwanachama wala kwa msiba wala kwa sherehe. Hata hivyo mjue kwamba miaka mitano ijayo mashine kama hii huenda isipatikane kwa bei ya leo, hivyo mwezi wa mavuno ongezeeni kidogo juu yake.

Na hapa nawasema pia wale wanaokuja kuwafundisha. Wanafika na chati na soda, wanafundisha kuweka, kukopeshana, na kuvunja kikundi Desemba watu wagawane kila kilichomo. Kwa kikundi cha kukopeshana ni sawa. Kwa kikundi chenye mashine ni maangamizi, maana mashine haivunjwi Desemba. Wafadhili nao wanaleta mashine, wanapiga picha, wanaondoka, na kwa kuwa ilikuja bure hakuna anayeiwekea uchakavu. Chuma cha bure kinalika sawasawa na chuma cha kununua. Mmepita mara ngapi mbele ya mabanda yenye mashine za msaada zilizogeuka viota vya kuku?

Mtaniuliza kuhusu matengenezo, kwa sababu hapo ndipo watu huvurugikiwa. Chekeche likitoboka mkaweka jingine, nyundo zikiisha makali, beringi zikilia, hata mota ikiungua fundi akaisuka upya, mashine imerudi ilipokuwa. Hayo ni matumizi ya kawaida ya mwezi ule, hata yakiuma. Lakini mkitoa mota ya kilowati 15 mkaweka ya kilowati 22 ili msage madebe mengi zaidi kwa saa, mmenunua uwezo mpya, na bei yake inaongezwa kwenye thamani ya mashine na kuliwa kidogo kidogo kwa miaka iliyobaki. Swali ni hili: baada ya kutoa fedha, mashine inafanya zaidi ya ilivyokuwa ikifanya ilipokuwa mpya, au imerudishwa tu?

Msije mkageuza hila hii upande wa pili, mkaficha luku ndani ya bei ya mashine ili mwezi uonekane mzuri. Kampuni kubwa ya simu ya Marekani, WorldCom, ilifanya hivyo. Ilichukua gharama za kawaida za kulipia njia za simu za kampuni nyingine, ikaziandika kama mali. Mwaka 2002 ikakiri dola bilioni 3.8 zilizoandikwa hivyo, mwezi uliofuata ikaomba kinga ya kufilisika, na mkuu wake baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 25.

Mengine ni mafupi. Spana ya 15,000 hata ikidumu miaka kumi iandikeni matumizi ya mwezi, msihangaike nayo. Wekeni kiwango, tuseme 200,000, chini yake hakuna mtaji. Mkikopa, rejesho la deni si matumizi, riba ndiyo matumizi. Anayeandika mashine na rejesho vyote kuwa matumizi ameihesabu mashine ile ile mara mbili. Mkiuza mashine, fedha zile si mapato ya kusaga.

Mteja wa milioni tano mwambieni aende zake. Wale watatu wanaotaka kutoka wakae kwanza wasomewe ukurasa mpya. Na yule binti afuatwe nyumbani kwao na mwenyekiti mwenyewe, mbele ya mama yake, aombwe radhi kwa sauti ile ile ya juu aliyotupiwa nayo maneno mkutanoni.

Jumamosi saa nne nitakuja banda la mashine na daftari lenye safu mbili. Nitakaa naye tuandike upya. Nitafutieni tu risiti ya yule fundi wa zege, ile ya 450,000. Nimeikosa kwenye faili, na bila hiyo bei ya mashine haijakamilika.

Ni mimi mzee wenu.