Barua ya wazi kwa Mhandisi wa Umwagiliaji, Mkoa wa Dodoma

YAH: KUSAHIHISHA MAKADIRIO YA ET0 YANAYOTOKANA NA JOTORIDI PEKEE

Ndugu Mhandisi,

Skimu isiyo na kituo kamili cha hali ya hewa hubaki na namba mbili kwa siku: jotoridi la juu na la chini. Kwa namba hizo, ET0, yaani maji ambayo nyasi fupi zilizomwagiliwa vizuri zingepoteza kwa siku pamoja na udongo wake, hukadiriwa kwa kanuni ya Hargreaves na Samani ya mwaka 1985. Hatuipingi kanuni hiyo. Tunaomba tu kwamba ratiba za maji za miezi ya upepo, Julai hadi Oktoba, zisiidhinishwe kwa matokeo yake kabla hayajasahihishwa.

Kwenye jedwali la kompyuta huandikwa hivi, B2 ikiwa jotoridi la juu, C2 la chini, na D2 mionzi ya jua inayofika juu ya angahewa:

```
=0.0023*((B2+C2)/2+17.8)*SQRT(B2-C2)*0.408*D2
```

Mionzi hiyo haihitaji kifaa, maana hutokana na latitudo na tarehe. Tofauti ya joto la mchana na usiku ndiyo inayosimama badala ya mawingu: anga likiwa jeupe, mchana huwaka na usiku hupoa sana. Upepo haumo popote.

Tuchukue siku ya katikati ya Oktoba hapa Dodoma, juu nyuzi 31, chini 18. Mionzi ya juu ya angahewa ni megajuli 38.2 kwa mita ya mraba. Kanuni inatoa milimita 5.5. Sasa tutumie kanuni ya Penman-Monteith, ambayo FAO iliifanya kipimo rasmi mwaka 1998, tukiweka upepo wa mita 3.5 kwa sekunde na joto la umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewa huanza kuwa matone, la nyuzi 15, huku mionzi tukiikadiria kwa jotoridi hilohilo. Jibu ni takriban 6.25. Pengo ni robo tatu ya milimita kwa siku, karibu milimita 24 kwa mwezi. Kwa zabibu zenye kigezo cha zao 0.7, hizo ni kama mita za ujazo 170 kwa hekta, kabla hata ya kuhesabu maji yanayopotea mferejini.

Wapo wanaodhani watapona wakitumia Penman-Monteith na kujaza mapengo kwa namba za jumla: upepo mita 2 kwa sekunde, joto la umande sawa na joto la chini. Kwa siku hiyohiyo watapata 5.1, chini ya Hargreaves yenyewe. Oktoba hewa yetu ni kavu, na joto la umande hukaa chini ya joto la alfajiri. Jina kubwa la kanuni halifidii data ya kubuni.

Tunachopendekeza ni hiki. Kituo cha uwanja wa ndege wa Dodoma kina vipimo vya upepo na unyevu. Chukueni vipindi vya siku kumikumi vyenye data kamili, mkokotoe ET0 kwa kanuni zote mbili, kisha kwa kila mwezi mgawanye jumla ya Penman-Monteith kwa jumla ya Hargreaves. Uwiano huo ndio mtakaozidishia matokeo ya skimu. Upepo uliopimwa mita 10 juu ya ardhi uzidishwe kwanza kwa 0.75 ili uwe wa mita 2; ukisahaulika, marekebisho yatazidi kiasi. Msitumie uwiano mmoja mwaka mzima, kwani Januari na Februari hewa ikiwa na unyevu Hargreaves huweza kuzidisha badala ya kupunguza. Wala msiamini jibu la siku mojamoja: wingu la mchana mmoja huvuruga tofauti ya joto, ndiyo maana tunasema siku kumi.

Data za skimu nazo zikaguliwe. Kipimajoto kikisomwa saa tatu asubuhi, joto la juu lililoonekana ni la jana, lakini la chini ni la leo. Mwandishi akiyaweka yote tarehe moja, jozi hazilingani, na kosa hilo halionekani kwa macho kwa sababu namba zote zinaonekana za kawaida. Kipimajoto kilichofungwa juu ya udongo mtupu au karibu na bati nacho husoma joto la mahali hapo, si la shamba lililomwagiliwa.

Uwiano wa Dodoma mjini unaweza kutumika kwenye tambarare kama za Hombolo. Usipelekwe kwenye mabonde yaliyokingwa na milima ya Mpwapwa au Kondoa, ambako upepo ni mwingine. Huko kwanza wekeni anemomita, hata moja, kuanzia Julai hadi Oktoba, na kwa sasa ratiba iandikwe wazi kwamba ET0 yake haijasahihishwa kwa upepo.

Wako katika kazi,
Wakokotoaji wa mahitaji ya maji ya mazao, Dodoma